Mafuta ya kilometa zote, malipo ya nusu: hesabu ya oda moja ya bodaboda

Dereva wa bodaboda anayesambaza chakula na vifurushi Dar es Salaam huwa na kumbukumbu za aina mbili mfukoni mwake: risiti za mafuta na picha za skrini za mapato ya programu. Jioni anatoa moja kwenye nyingine, anaona kinachobaki, na hicho anakiita faida. Kosa la hesabu hiyo liko mahali wengi hawatazami. Risiti inalipia kila kilometa pikipiki iliyotembea. Picha ya skrini inaonyesha tu kilometa za kutoka kwa muuzaji hadi kwa mteja. Kumfuata muuzaji, kurudi mtupu, kuhama kijiwe na safari ya asubuhi kutoka nyumbani havimo. Kwa hiyo kumbukumbu hizi mbili hazizungumzii safari ileile, na mpaka zioanishwe, namba yoyote inayotoka humo inapotosha.

Hoja ya makala haya ni kwamba zinaoanishwa, tena bila kifaa chochote zaidi ya simu, na kwamba zikishaoanishwa zinatoa namba mbili tu za kushika kichwani: gharama ya kilometa moja na gharama ya dakika moja. Kwa namba hizo mbili dereva anaweza kupima oda kabla ya kuikubali. Tutatumia mfano wa wiki moja ya siku 6 za kazi, pikipiki ya aina ya Boxer, bei zikiwa za mfano ambazo kila mtu atabadilisha kwa zake.

Tuanze na mafuta, kwa sababu kila kitu kinajengwa juu yake. Njia inayoaminika ni ya kujaza tenki hadi kujaza tenki. Jumatatu asubuhi dereva anajaza mpaka juu, anapiga picha ya odometa, inasoma 41,320. Katikati ya wiki ananunua kama kawaida, kwa fedha si kwa lita: risiti 5 za shilingi 8,700, ambazo kwa bei ya shilingi 2,900 ni lita 3 kila moja. Mwisho wa wiki anajaza tena mpaka juu, zinaingia lita 3.6, na odometa inasoma 42,064. Pikipiki imetembea kilometa 744 na kutumia lita 18.6. Hiyo ni kilometa 40 kwa lita, na mafuta ya kilometa moja ni shilingi 72.5.

Hapa risiti ya Jumatatu ndiyo inayowaponza watu. Tuseme siku ile ziliingia lita 5. Mafuta hayo yanajaza nafasi ya yaliyokwisha kuunguzwa wiki iliyopita, hivyo risiti yake haihesabiwi kabisa. Kazi yake ni kuweka alama ya kuanzia. Ukiijumlisha, lita zinakuwa 23.6, ulaji unashuka hadi kilometa 31.5 kwa lita, na unaanza kutafuta fundi wa kabureta wakati pikipiki ni nzima. Ya mwisho inahesabiwa, ya kwanza haihesabiwi.

Kujaza nako kuna namna yake. Pikipiki isimame kwenye stendi ya kati, si ya pembeni, na mafuta yafike alama ileile ya shingo ya tenki mara zote mbili. Tofauti ya nusu lita kati ya kujaza kwa kwanza na kwa pili, ndani ya lita 18.6, ni asilimia 2.7 na haitakuumiza. Nusu lita hiyohiyo ndani ya lita 3 za siku moja ni karibu asilimia 17. Ndiyo maana hesabu ya siku moja haifai hata kama imefanywa kwa uangalifu. Pima wiki, na wiki mbili ni bora zaidi.

Risiti ya mashine ya EFD inaonyesha kiasi na bei, kwa hiyo lita zinasomeka moja kwa moja. Karatasi yake hufifia kwa joto, hasa ikikaa kwenye mfuko wa koti au chini ya kiti, basi ipigwe picha siku ileile. Kama risiti ina fedha tu, gawanya kwa bei ya siku hiyo. EWURA hutangaza bei kikomo mpya zinazoanza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo risiti za mwezi mmoja zinaweza kuwa na bei mbili, na kugawanya jumla yote kwa bei moja kunaharibu lita. Kumbuka pia kwamba bei kikomo ni ukomo. Kuna sheli zinazouza chini yake, na mafuta ya chupa mtaani huuzwa juu ya bei ya sheli wala hayana risiti. Ya chupa yaandikwe kwa mkono siku hiyohiyo.

Ukipata ulaji, upime kwa akili ya kawaida. Pikipiki ya cc 125 hadi 150 kwenye foleni za mjini, ikiwa na sanduku la mzigo nyuma, kwa kawaida huangukia kati ya kilometa 35 na 50 kwa lita. Ukipata 65, kuna risiti imepotea au mafuta ya chupa hayakuandikwa. Ukipata 24, angalia kwanza kama kuna risiti ya mwenzako imeingia, au kama kebo ya spidomita imekatika siku mbili na odometa ikasimama. Baada ya hapo ndipo ufikirie kabureta, chujio la hewa lililoziba au tairi zisizo na upepo.

Sasa picha za skrini. Kosa la kwanza ni kuhesabu mara mbili: muhtasari wa wiki na mihtasari ya siku za wiki hiyohiyo vinawekwa pamoja na mapato yanaonekana makubwa ajabu. Chagua aina moja. La pili ni fedha taslimu. Mteja akilipa mkononi, programu inaandika jumla aliyokupa, na humo kuna bei ya chakula au bidhaa ambayo si yako. Unachotafuta ni nauli ya dereva kabla ya makato, makato yenyewe, na kinachobaki. Bonasi itenge. Inatolewa kwa masharti, na nauli inayotegemea bonasi ili irudishe gharama tayari ni nauli ya hasara.

Katika mfano wetu wiki ina oda 84. Nauli kabla ya makato ni shilingi 283,500, makato ya asilimia 20 ni shilingi 56,700, kinachobaki ni shilingi 226,800, yaani wastani wa shilingi 2,700 kwa oda. Kilometa za oda zote zikijumlishwa ni 372. Kwa kuwa muhtasari mara nyingi hauonyeshi kilometa, inabidi kufungua oda mojamoja. Si lazima zote: chukua oda 25 zilizotawanyika siku na saa tofauti, tafuta wastani, kisha uzidishe kwa idadi ya oda. Angalia tu oda pacha, zile mbili zinazobebwa kwa safari moja. Kila moja inaandikiwa kilometa zake kama vile ilikwenda peke yake, na ukizijumlisha unapata safari ndefu kuliko iliyoendeshwa.

Odometa inasema 744, programu inasema 372. Nusu ya safari ilikuwa tupu. Uwiano huu, kilometa zilizolipwa kwa kilometa zilizotembewa, ndio namba yenye thamani kubwa kuliko zote katika zoezi hili, na haupatikani kwenye risiti peke yake wala kwenye programu peke yake.

Uzuri ni kwamba ukishapima ulaji mara moja kwa uangalifu, unaweza kurudi nyuma kwenye miezi ambayo hukupiga picha ya odometa. Tuseme risiti za mwezi mmoja zinatoa lita 72. Zidisha kwa 40, unapata kilometa 2,880. Oda za mwezi huo zina kilometa 1,500. Uwiano ni asilimia 52, unaoana na wiki yetu. Ukitoka zaidi ya asilimia 80, usifurahi. Karibu hakika risiti zimepungua. Ukishuka chini ya 35, ama pikipiki inatumika kwa shughuli za nyumbani, ama inabeba abiria wa kijiweni ambao mafuta yao yamo kwenye risiti lakini fedha yao haimo kwenye programu. Abiria hao waandikiwe daftari lao, vinginevyo oda zitaonekana ghali kwa gharama isiyo yake.

Mafuta yakiwa shilingi 72.5, bado kuna kuchakaa. Hii ni gharama isiyo na risiti ya kila siku, na ndiyo inayowafanya madereva waamini wana faida mpaka siku tairi la nyuma linapokwisha. Njia ni kugawanya bei ya kitu kwa kilometa kinazodumu. Oili ya shilingi 12,000 inayobadilishwa kila kilometa 2,000 ni shilingi 6 kwa kilometa. Tairi la nyuma la shilingi 60,000 linalodumu kilometa 12,000 ni shilingi 5, la mbele la 50,000 kwa kilometa 20,000 ni shilingi 2.5. Cheni na spoketi zake kwa shilingi 42,000 na kilometa 14,000 ni shilingi 3. Breki ni shilingi 1. Plagi, chujio la hewa, klachi, balbu na pancha tuziwekee shilingi 7.5 kwa pamoja. Jumla ni shilingi 25. Mwenye kubadilisha oili kila kilometa 4,000 ataona amepunguza shilingi 3, lakini atazilipa kwenye pistoni na ringi, tena kwa mkupuo.

Kwa hiyo kila kilometa inayotembea, yenye mzigo au tupu, inakula shilingi 97.5. Kwa kilometa 744 ni shilingi 72,540.

Upande wa pili ni gharama zisizojali umetembea kiasi gani. Dereva wetu ana pikipiki ya mkataba, anapeleka shilingi 12,000 kwa siku ya kazi, yaani 72,000 kwa wiki, na matengenezo yote ni yake. Bando ni shilingi 7,000, maegesho ya usiku 3,500, na bima pamoja na leseni na vibali vikigawanywa kwa wiki ni 2,500. Jumla shilingi 85,000. Anayeendesha kwa hesabu ya kila siku kwa tajiri hupeleka kiasi kidogo zaidi, lakini akague kwanza nani analipia tairi na cheni, kwa sababu vitu ambavyo tajiri analipa havitakiwi kuwemo kwenye zile shilingi 25.

Jumlisha: 72,540 na 85,000 ni shilingi 157,540. Ukizigawa kwa kilometa zote unapata karibu shilingi 212. Ukizigawa kwa kilometa zinazolipwa unapata karibu 423. Ukizigawa kwa oda, ni karibu 1,875. Namba ya kwanza inavutia na haifai kupangia nauli, kwa sababu hakuna mteja anayelipia zile kilometa tupu. Kwa nauli, tumia ya pili au ya tatu.

Tazama jinsi picha inavyobadilika. Akitoa mafuta tu kwenye shilingi 226,800, dereva anaona 172,860, kama 28,800 kwa siku. Akitoa na mkataba, 16,810 kwa siku. Akitoa kila kitu, kinabaki 69,260 kwa wiki, karibu 11,540 kwa siku. Kama alijipangia kwamba chini ya 15,000 kwa siku nyumba haiendi, basi wiki hii imempunguza, ingawa kila jioni alirudi na noti mkononi.

Ujira huo uingizwe kwenye hesabu waziwazi. Shilingi 90,000 za wiki zikiongezwa kwenye 157,540, jumla ni 247,540, na kwa oda 84 ni shilingi 2,947 zinazotakiwa kufika mkononi. Hapo linafuata kosa lingine la kawaida: kuongeza makato badala ya kugawanya. Makato ya asilimia 20 hukatwa kwenye nauli kubwa, si kwenye kinachobaki. Ukizidisha 2,947 kwa 1.2 unapata 3,536, na programu ikikata humo unabaki na 2,829, pungufu ya shilingi 118 kwa oda, karibu 9,900 kwa wiki. Njia sahihi ni kugawanya kwa 0.8, na nauli inayorudisha gharama pamoja na ujira inakuwa shilingi 3,684. Wastani wake halisi ulikuwa 3,375.

Wastani huo unasaidia kujua hali ya wiki, lakini haukusaidii unapoangalia oda kwenye skrini ikiwa na sekunde chache za kuamua. Kwa hilo, gawanya gharama kwa jinsi zinavyozaliwa. Kilometa inakula 97.5. Zile za kudumu pamoja na ujira, 85,000 na 90,000, ni shilingi 175,000 kwa wiki ya saa 60 za kuwa barabarani, yaani karibu shilingi 49 kwa dakika. Saa 60 zihesabiwe tangu kutoka nyumbani hadi kurudi, si zile za kuwa hewani kwenye programu. Nauli ya oda, kabla ya makato, inakuwa hivi:

```
nauli = (km_zote * 97.5 + dakika * 49) / 0.8
```

Namba hizo mbili zikikaa pamoja zinafichua jambo: kilometa moja ina gharama sawa na dakika mbili. Tuchukue oda ya mgahawa wa Mikocheni kwenda kwa mteja Mbezi Beach. Programu imeandika kilometa 8 na kitakachobaki baada ya makato ni shilingi 3,600. Dereva yuko kilometa 2 kutoka mgahawani, na akimaliza atarudi kilometa 4 mtupu kabla ya kufika penye oda nyingine. Kilometa zote ni 14, gharama yake ni shilingi 1,365. Muda: dakika 6 kufika, 12 kusubiri jikoni, 22 kwenda, 10 kurudi, jumla 50, ambazo ni shilingi 2,450. Oda inahitaji 3,815, inalipa 3,600, inapungukiwa na 215. Jiko likitoa chakula kwa dakika 5 badala ya 12, muda unakuwa dakika 43, gharama inashuka hadi 3,472, na oda ileile inalipa na kubakiza 128. Bei ya mafuta haikubadilika, umbali haukubadilika. Zilizoamua ni dakika 7 za kusimama mlangoni. Dereva anayeandika muda wa kusubiri wa migahawa 10 anayoihudumia mara kwa mara ana taarifa yenye fedha ndani yake kuliko anayezunguka kutafuta sheli yenye nafuu ya shilingi 20.

Kanuni hii ina mpaka wake, na ni lazima usemwe. Zile shilingi 49 za dakika zina maana tu kama dakika hiyo ingeweza kuuzwa kwingine. Saa 9 alasiri, skrini ikiwa kimya, mkataba na bando vinadaiwa hata ukikaa chini ya mwembe. Wakati huo sakafu ni zile 1,365 za kilometa. Chochote juu yake kinapunguza pengo la siku. Saa za chakula cha mchana na jioni, oda zikiwa zinapangana, sakafu ni 3,815. Hatari ni kuizoea sakafu ya chini na kuibeba mpaka saa za kazi nyingi. Wiki nzima ya oda zinazolipa kilometa tu haitafikisha mkataba.

Kuhusu kipi cha kuhangaikia, namba zenyewe zinasema. Petroli ikipanda shilingi 200, kilometa inaongezeka shilingi 5, na wiki yetu inaongezeka 3,720, kama shilingi 44 kwa oda. Inauma, lakini uwiano wa kilometa ukitoka asilimia 50 hadi 60, kwa oda zilezile, pikipiki inatembea 620 badala ya 744, na shilingi 12,090 zinabaki mfukoni. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya athari ya bei. Hupatikana kwa kusubiri karibu na kundi la migahawa badala ya kurudi kijiwe cha mazoea, na kwa kukataa oda zinazoishia mahali pasipo na oda za kurudi.

Linabaki la mkataba kwisha. Siku 312 za kupeleka 12,000 ni shilingi 3,744,000, na siku ya mwisho gharama ya wiki inaonekana kushuka kwa 72,000. Wengi huanza kukubali oda za bei ya chini kwa sababu sasa "pikipiki ni yangu". Lakini pikipiki inaendelea kuisha. Kama mpya ni 3,000,000, na baada ya kilometa 80,000 itauzwa 1,000,000, basi kila kilometa inakula shilingi 25 za pikipiki yenyewe. Kwa wiki ya kilometa 744 ni 18,600 za kuweka pembeni. Gharama ya kilometa inapanda hadi 122.5, ya dakika inashuka hadi shilingi 29, kwa sababu 13,000 za kudumu na 90,000 za ujira zinagawanywa kwa dakika 3,600. Ile oda ya Mbezi Beach yenye kusubiri dakika 12 sasa inahitaji shilingi 3,165, na zile 3,600 zinatosha.